Simu ya "bure" ndani ya bili ya dola 195: jinsi ya kutenganisha deni la simu, kifurushi na nyongeza

Maswali ni yaleyale kila mwezi kutoka kwa ndugu wanaoishi Marekani. "Niliambiwa simu ni bure, mbona bili inakaribia dola 200?" "Mdogo wangu yuko kwenye laini yangu, nimdai ngapi?" "Nikihama kampuni leo nitadaiwa nini?" Yote matatu yanajibiwa na kazi moja: kuitenganisha bili. Mtu aliyezoea kununua vocha na bando nyumbani hukuta kila kitu kimeunganishwa kwenye karatasi moja, na jumla ya chini haimwambii chochote. Mwongozo huu ni wa laini za malipo ya baada za Marekani, zile unazochukua pamoja na simu na kuilipia kwa awamu za miezi 24 au 36.

Tenga kama saa moja mara ya kwanza. Mwezi unaofuata itakuwa dakika kumi.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Bili kamili ya PDF ya mwezi huu, na za miezi miwili iliyopita.
- Mkataba wa awamu wa kila simu. Huwa ni hati tofauti na mkataba wa laini, na ulitumwa kwenye barua pepe siku uliyosaini dukani. Una bei kamili ya simu, idadi ya awamu, na riba, ambayo kwa kampuni kubwa huwa 0%.
- Masharti ya ofa uliyopewa. Kama ulipiga picha tangazo au una barua pepe ya kuthibitisha, iweke karibu.
- Njia ya kuingia kwenye akaunti kama mwenye akaunti. Ikiwa laini yako iko chini ya akaunti ya shemeji, mwombe yeye aitoe bili. Mtumiaji wa kawaida mara nyingi haoni awamu za simu.
- Karatasi na kalamu, au jedwali kwenye kompyuta.

Hatua

1. Toa bili nzima, usitegemee muhtasari wa kwenye programu. Programu ya simu hukuonyesha namba moja kwa kila laini, kwa mfano "Laini ya 1: dola 115.20". Ndani ya namba hiyo, awamu ya simu na punguzo lake vimeshakatana, na wewe unavitaka kila kimoja kivyake. Ingia kwenye tovuti, nenda sehemu ya bili, upakue PDF. Kwa kawaida ina kurasa kadhaa, na kazi yako iko kwenye kurasa za ndani zinazoorodhesha laini moja moja.

2. Ondoa kwanza vitu visivyo vya kila mwezi. Pitia bili na kalamu, uzungushie duara salio la mwezi uliopita, faini ya kuchelewa, ada ya kuunganisha laini mpya au kubadilisha simu (ambayo mara nyingi huwa dola 35 au zaidi), na malipo ya siku pungufu. Hayo ya mwisho hutokea kwa sababu kifurushi hulipwa mbele: ukijiunga katikati ya mzunguko, bili ya kwanza hubeba siku zilizobaki za mzunguko huo pamoja na mwezi mzima unaofuata. Ndiyo maana bili ya kwanza hutisha. Usiitumie kupima gharama zako, tumia ya tatu.

3. Chora safu tano kwa kila laini. Ziite: deni la simu, punguzo la ofa, kifurushi, nyongeza, ada na kodi. Watu wengi huchora tatu, wakaliweka punguzo pamoja na simu. Hapo ndipo hesabu inapopotea, na nitaonyesha kwa nini.

Tutumie bili ya mfano, namba nimezifanya nyepesi. Nyumba moja, laini mbili, zote zilichukuliwa siku moja miezi 14 iliyopita. Jumla ya bili ni dola 195.40.

4. Jaza safu ya deni la simu. Tafuta mstari wenye maneno kama "Device payment" au "Installment", ukifuatwa na hesabu kama "14 of 36" na kiasi kilichobaki. Andika vitu vitatu: awamu, umefika ya ngapi, na deni lililobaki.

Kwenye mfano wetu, simu ya laini ya 1 iliuzwa dola 900, kwa hiyo awamu ni dola 25. Awamu 14 zimelipwa, zimebaki 22, deni ni dola 550. Simu ya laini ya 2 iliuzwa dola 720, awamu ni dola 20, deni lililobaki ni 440. Zidisha awamu kwa miezi iliyobaki ulinganishe na deni lililoandikwa. Tofauti ya senti chache ni ya kawaida, kwani awamu ya mwisho hurekebishwa. Tofauti ya awamu nzima si ya kawaida.

Kodi ya mauzo ya simu huenda huioni hapa. Majimbo mengi huitoza siku ile ile unapoichukua simu, na mara nyingi kwa bei kamili hata kama ofa inasema bure. Mahali kodi ikiwa 8%, simu ya dola 900 hukutoa dola 72 pale kaunta. Wanaoishi Oregon au Delaware hawalipi, kwa sababu majimbo hayo hayana kodi ya mauzo.

5. Jaza safu ya punguzo la ofa, na usiitoe kwenye simu bado. Mstari wake una alama ya kutoa, na huitwa "Promo credit", "Bill credit" au jina la ofa yenyewe. Nao huwa na hesabu yake.

Laini ya 1 ina punguzo la dola 15 kwa mwezi. Laini ya 2 ina dola 20, ndiyo simu ya "bure". Kwa hiyo mwezi huu simu mbili zimegharimu dola 10 tu: 25 toa 15, na 20 toa 20.

Sasa angalia vizuri. Simu haikutolewa bure. Ulisaini deni la dola 720, na kampuni ikaahidi kukulipia awamu ya kila mwezi *maadamu* unabaki, unalipa kwa wakati, na uko kwenye kifurushi kilichotajwa kwenye ofa. Deni ni lako kisheria, ahadi ni yao yenye masharti. Ukiondoka leo, ahadi inakufa na deni linabaki hai: dola 550 na 440, jumla 990, kwa kawaida zote kwenye bili ya mwisho. Ukikaa hadi mwisho, simu hizo hizo zitakutoa dola 220 tu, yaani dola 10 kwa miezi 22. Tofauti ya dola 770 ndiyo bei ya kuondoka mapema. Aliyeweka safu moja ya "simu: dola 10" haioni kabisa.

*Tahadhari:* mtu akipata fedha ya kodi iliyorejeshwa, hupenda kumaliza deni la simu mara moja ili apumue. Soma masharti kwanza. Kwenye ofa nyingi, ukimaliza deni kabla ya muda, punguzo lililobaki linasimama. Kwa simu ya laini ya 2 utakuwa umelipa dola 440 bila sababu, deni ambalo lilikuwa linajilipa lenyewe. Riba ni 0%, hakuna unachookoa.

6. Jaza safu ya kifurushi. Hapa inaingia bei ya dakika, ujumbe na intaneti, pamoja na mapunguzo yanayohusu laini yenyewe. Mfano wetu: dola 65 kwa kila laini, toa dola 10 kwa kila laini kwa sababu bili inakatwa moja kwa moja benki. Inabaki dola 55 na 55, jumla 110.

Angalia mambo mawili. Punguzo la kukatwa moja kwa moja mara nyingi linataka akaunti ya benki au kadi ya benki. Ukibadilisha ukaweka kadi ya mkopo, linaweza kutoweka, na hapa ni dola 20 kwa mwezi. Pili, bei ya laini hushuka kadiri laini zinavyoongezeka. Mdogo wako akiondoka, usidhani bili itapungua kwa sehemu yake yote. Laini itakayobaki peke yake inaweza kupanda kutoka 65 hadi 80 na kitu. Uliza bei ya laini moja kabla ya kumfukuza mtu.

7. Jaza safu ya nyongeza. Nenda polepole hapa, ndiko bili nyingi zinakonenepea. Nyongeza ni kila kitu ambacho laini ingefanya kazi bila hicho: bima ya simu, kifurushi cha kupiga nje, muziki na filamu, hifadhi ya picha, laini ya saa au ya tableti.

Bili yetu ina bima mbili za dola 17, kupiga nje dola 15, na filamu dola 10. Jumla dola 59. Ilinganishe na dola 10 za simu. Mwenye bili hii alikuwa analalamika kuhusu simu, kumbe simu ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote kwenye karatasi.

Pima kila nyongeza peke yake. Bima ya dola 17 kwa miezi 36 ni dola 612, kwa simu iliyouzwa 720, na ikivunjika bado utachangia kiasi chako kabla ya kupewa nyingine, ambacho kwa simu iliyopotea huweza kuzidi dola 100. Mimi ningeiacha kwa mtu mzima anayetunza kitu, na ningeiweka kwa kijana wa miaka 13. Kifurushi cha kupiga nje kitategemea nani yuko upande wa pili. Kama ndugu wote wako WhatsApp, ni dola 15 zinazopotea bure. Lakini kama mama yuko Kigoma na kitochi chake, usikiondoe bila kuangalia bei ya dakika moja bila kifurushi, maana simu mbili ndefu za Jumapili zinaweza kuzidi dola hizo 15.

Kuna nyongeza zinazoruka mwezi. Ukisafiri kwenda Dar au Nairobi na laini yako ikiwa wazi, kampuni inaweza kukutoza pasi ya siku, karibu dola 12 kwa kila siku ambayo simu imetumia mtandao, hata kama ni programu iliyojisasisha yenyewe mfukoni. Tofauti na kifurushi, matumizi kama haya hutozwa nyuma, hivyo hutokea kwenye bili ya mwezi unaofuata, ukiwa umeshasahau safari.

8. Jaza safu ya ada na kodi, kisha uigawe mafungu mawili. Bili huweka vichwa viwili vinavyofanana: "Surcharges" na "Taxes and government fees". Vya pili vimewekwa na serikali, mfano ada ya huduma ya dharura ya 911. Vya kwanza ni vya kampuni, hata kama majina yao yana sauti ya kiserikali. "Administrative charge" ni bei ya kampuni iliyopewa jina jingine, na kampuni inaweza kuipandisha bila kugusa bei iliyotangazwa ya kifurushi.

Mchango wa huduma kwa wote, unaoandikwa "Federal Universal Service", uko katikati: serikali inaidai kampuni, na kampuni inaruhusiwa kuuhamishia kwako. Kiwango chake hupangwa upya kila robo mwaka. Bili ikicheza senti kadhaa mwezi wa Januari, Aprili, Julai au Oktoba, angalia hapo kabla ya kupiga simu.

Mfano wetu: ada za kampuni dola 3.50 kwa kila laini, kodi za serikali dola 4.70 kwa kila laini. Jumla 16.40.

9. Jumlisha, na hakikisha inalingana hadi senti.

- Simu baada ya punguzo: 10.00
- Kifurushi: 110.00
- Nyongeza: 59.00
- Ada na kodi: 16.40
- Jumla: 195.40

Isipolingana, kuna mstari umeuruka. Mara nyingi ni ule wa ngazi ya akaunti, unaokaa juu kabla ya orodha ya laini, kama filamu au punguzo la familia.

Sasa unaweza kumjibu mdogo wako. Bima moja ni yake, filamu na kupiga nje ni vyako. Laini ya 1 ni 55 + 10 + 17 + 15 + 10 + 8.20, sawa na dola 115.20. Laini ya 2 ni 55 + 0 + 17 + 8.20, sawa na 80.20. Kugawa 195.40 kwa mbili kungemtoza karibu 98, na yeye hapigi nje wala haangalii filamu.

Mwambie pia, mapema na kwa maandishi, kwamba deni la dola 440 la simu yake limesainiwa kwa jina lako. Akihama akaacha kulipa, anayetafutwa ni wewe, na historia yako ya mikopo ndiyo inayochafuka. Hili huvunja undugu kuliko bili yenyewe.

Mambo yanayokwenda kombo

*Punguzo la ofa halionekani.* Kwenye bili ya kwanza na ya pili hili ni la kawaida. Ofa nyingi huchukua hadi mizunguko miwili kuanza, kisha hulipa za nyuma kwa pamoja. Ikifika ya tatu na hakuna kitu, piga. Sababu za kawaida ni simu ya zamani uliyoirudisha kukataliwa au kupunguzwa thamani, au muuzaji kukuandikia kifurushi kisichostahili ofa. Ndiyo maana risiti ya posta ya simu uliyorudisha haitupwi.

*Punguzo lilikuwepo, likatoweka.* Angalia kama ulibadilisha kifurushi mwezi huo. Kushuka kwenda kifurushi cha bei ndogo ili kuokoa dola 15 kunaweza kukuondolea punguzo la dola 20. Kabla ya kubadilisha, muulize mhudumu swali hili hasa: "Je, mapunguzo yote ya simu yataendelea kwenye kila laini?" Fanya kwa maandishi ya gumzo, uhifadhi nakala.

*Awamu imetozwa mara mbili.* Linganisha hesabu za miezi miwili. Kama mwezi uliopita ilikuwa "13 of 36" na sasa kuna mistari miwili, moja ikiwa "1 of 36", basi kuna kifaa kipya kwenye akaunti. Mara nyingi ni saa au tableti "ya bure" aliyoichukua mtu wa nyumbani. Kama hakuna aliyechukua, toa taarifa ya wizi wa utambulisho siku hiyo hiyo, na ubadilishe namba ya siri ya akaunti.

*Umeondoa bima, bado inatozwa.* Ikiwa uliiondoa baada ya bili kutengenezwa, tarajia itoke mwezi unaofuata. Ikionekana tena baada ya hapo, omba irudishwe.

*Awamu zimeisha, bili haijashuka.* Awamu ya 36 na punguzo la 36 kwa kawaida huisha pamoja, hivyo simu ya "bure" ikiisha bili haishuki hata senti. Tazama pia mpangilio wa tarehe: punguzo lililoanza mwezi wa pili linaweza kubaki na mwezi mmoja nyuma. Usihame kabla halijaisha.

*Simu unataka kuituma nyumbani.* Kampuni nyingi huifunga simu kwa mtandao wao hadi deni liishe. Ukimpelekea kaka Mwanza simu yenye awamu zilizobaki, haitakubali laini ya huko, na ukiacha kulipa inaweza kuingizwa kwenye orodha ya simu zilizozuiwa. Maliza deni, omba ifunguliwe, ijaribu kwa laini ya kampuni nyingine ukiwa bado Marekani, ndipo uifunge kwenye boksi.

*Kampuni mpya inasema italipa deni lako.* Inaweza kuwa kweli, lakini kwa kawaida wewe unalipa kwanza, unatuma bili ya mwisho, na fedha inakuja wiki kadhaa baadaye kama kadi ya malipo, tena hadi kikomo fulani kwa laini. Kwa mfano wetu, uwe na dola 990 mkononi kabla ya kuhama.

Mkibishana na kampuni

Lalamika haraka, ndani ya siku 60, kwa sababu mikataba huweka kikomo cha muda wa kupinga tozo. Taja mstari, ukurasa wa bili, kiasi na mwezi. "Bili yangu ni kubwa" haimfikishi mhudumu popote, lakini "ukurasa wa 4, laini ya 2, punguzo la dola 20 halipo kuanzia bili ya Machi" humpa kitu cha kutafuta. Omba namba ya kumbukumbu ya mazungumzo. Usisimamishe malipo yote kwa hasira, kwani kuchelewa ni moja ya mambo yanayoua punguzo la ofa.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, kwenye consumercomplaints.fcc.gov au kwa namba 1-888-225-5322. Ni bure na huhitaji wakili. Malalamiko hupelekwa kwa kampuni, ambayo inatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na mara nyingi anayekupigia si mhudumu wa kawaida bali mtu wa ofisi yenye uwezo wa kurekebisha bili. Ambatanisha PDF, masharti ya ofa, na lile jedwali lako la safu tano.